Nusu, theluthi na dakika nane: nilivyogeuza tukio la darasani kuwa kisa cha kufundishia

Nikikagua mafunzo kwa vitendo katika shule moja ya msingi, nilimwona mtoto akiandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu tarajali alipomwambia amekosea, mtoto alijibu kwamba katika zoezi la kwanza alipata moja kati ya mbili, katika la pili moja kati ya tatu, na mwalimu mwenyewe akamwandikia mbili kati ya tano. Darasa likanyamaza, na kengele ilikuwa imebakiza dakika nane.

Niliandika maneno hayo jioni ileile, kabla kumbukumbu haijaanza kuyasafisha. Hata hivyo, rasimu yangu ya kwanza ya kisa, niliyokusudia walimu tarajali waijadili, iliharibiwa na sentensi moja: "Mwalimu, ambaye hakujiandaa vya kutosha, alibabaika." Nilipoipeleka chuoni, mjadala uliisha upesi, kwa sababu wote walikubaliana kwamba mwalimu alizembea. Nikaifuta, nikabakiza yanayoonekana na kusikika tu, na simulizi nikaikata pale kwenye ukimya, kabla mwalimu hajajibu.

Maswali niliyabakiza matatu. Mtoto anajumlisha nini hasa? Hoja yake ni sahihi kwa kiasi gani? Ungefanya nini katika dakika hizo nane, na ungeacha nini? Swali la kama mwalimu alipaswa kutumia zana nililiondoa, maana jibu lake ni "ndiyo" na hakuna wa kulibishia.

Maelezo ya mwezeshaji hukaa kwenye karatasi yake peke yake. Niliwahi kuyabana pamoja na kisa, na washiriki wakanisomea majibu yangu mwenyewe! Humo nimeeleza kwamba katika alama, kizima hubadilika, kwani maswali mawili na matatu huwa matano, ilhali katika kujumlisha sehemu, nusu na theluthi hutoka katika kizima kilekile, na jumla yake ni 5/6. Nimetabiri pia kwamba wengi watakimbilia kigawe kidogo cha shirika, njia ambayo haimgusi mtoto huyu; hapo mwezeshaji awaulize kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo. Alichofanya mwalimu siku ile, yaani kuahidi jibu kesho yake, kimo humo pia, kwa kuwa kikitajwa kwenye simulizi washiriki humhukumu badala ya kuamua wao.

Jina la shule niliacha kulitaja na jinsia ya mtoto niliibadili, lakini tarakimu na hoja yake sikuzigusa, kwa sababu ndizo kisa chenyewe. Kabla ya kukitumia tena nilimwomba mwalimu yule ruhusa, nikampa akisome. Alikubali, ila akaniongezea jambo nililolisahau: muda wote ule mtoto alikuwa bado amesimama mbele ya wenzake, chaki mkononi, na yeye hakujua kama amrudishe kitini kwanza au amjibu.