18 inakaa wapi kwenye mchoro wa Veni wa seti tatu?

"Seti kuu ni namba 1 hadi 20. A ni namba shufwa, B ni vigawe vya 3, C ni vigawo vya 24. 18 niliiweka katikati kabisa kwa sababu imo kwenye A na B, nikakosolewa. Nimekosea wapi?"

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe nikiwa shuleni, na sasa nalikuta karibu kila ninapomfundisha mtu seti. Chora duara A na B peke yake kwanza. Yanapopishana panatokea umbo kama jani. Sasa chora C: ukingo wake unalipasua lile jani vipande viwili. Kipande kimoja kimo ndani ya C, kingine kimebaki nje. Kwa hiyo ukisema "imo kwenye A na B" umefika kwenye jani tu, bado hujachagua kipande. Seti ya tatu lazima iulizwe hata kama jibu lake ni hapana, tena hiyo hapana ndiyo inayoamua.

Mimi huandika herufi tatu pembeni ya kila namba, N kwa ndiyo na H kwa hapana, kwa mpangilio uleule wa A, B, C. 18 ni shufwa: N. Ni kigawe cha 3: N. Je, 24 inagawanyika kwa 18 bila baki? Hapana: H. Inakuwa NNH, yaani kipande cha jani kilicho nje ya C. Linganisha na 12, ambayo ni NNN. Hiyo ndiyo ya katikati, pamoja na 6.

Majibu mawili kwa maswali matatu yanatoa michanganyiko 8, na mchoro una maeneo 8 kamili ukihesabu lile la nje ya maduara. Ndiyo maana namba haiwezi kukosa mahali wala kukaa mara mbili. Hata 7, ambayo ni HHH, inaandikwa ndani ya mstatili, kwa kuwa imo kwenye seti kuu.

Ukimaliza, hesabu ulichoandika. Kwenye mchoro huu utapata NNN: 6, 12. NNH: 18. NHN: 2, 4, 8. HNN: 3. NHH: 10, 14, 16, 20. HNH: 9, 15. HHN: 1. HHH: 5, 7, 11, 13, 17, 19. Jumla ni 20, na ndani ya duara A zimo 10, sawa na shufwa zote. Lakini jumla peke yake isikutulize: ulipoiweka 18 katikati bado ulikuwa na 20, na A ilikuwa na 10. Kosa lingeonekana kwenye C, ambayo ingekuwa na namba 8 badala ya 7. Hesabu kila duara.

Angalia pia kama swali unaloulizwa lina neno "tu". A ∩ B ni jani zima: 6, 12 na 18. "A na B tu" ni 18 peke yake.