Maoni ya tathmini kwa mfanyakazi anayelegalega: andika kile ambacho daftari linaweza kukionyesha

Katika hoteli niliyofanyia kazi hapa Malindi, fomu za tathmini zilijazwa mwezi wa Mei. Waitaliano wameshaondoka, masika imeshika, nusu ya vyumba imefungwa, na meneja ndiyo kwanza anapata nafasi ya kukaa chini na kalamu. Shida ni kwamba anayeandika Mei hukumbuka Mei. Kazi iliyompima mtu kwelikweli ilifanyika kati ya Disemba na Machi, wakati kila kitanda kina mgeni, na ya Februari yameshasahaulika isipokuwa lile zogo moja kubwa ambalo kila mtu bado analisimulia.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote juu ya mfanyakazi ambaye kazi yake haiendi vizuri, mimi hutoa madaftari ya msimu: daftari la zamu la mapokezi, la dobi, la stoo, yoyote yanayogusa kazi yake. Nitaeleza kesi moja, maana ndani yake karibu kila kigumu cha jambo hili kimo.

Alikuwa msimamizi wa usafi wa vyumba, dada mwenye umri ambao naibu meneja aliyepaswa kumtathmini asingethubutu kuacha kumwamkia shikamoo. Hoteli ina vyumba 24. Malalamiko yalikuwa kwamba mgeni anafika saa nane mchana, muda alioahidiwa, chumba hakiko tayari, naye anakaa mapokezi na mabegi yake. Naibu aliniletea maoni aliyoyaandika: "Hana kasi. Hajali wageni. Anahitaji kuboresha mawasiliano. Hata hivyo ni mtu mzuri na mwenye heshima."

Jaribu kuyasoma kama wewe ndiye yule dada. Ukiambiwa huna kasi, Jumatatu asubuhi utafanya nini tofauti na ulivyofanya Ijumaa? "Hajali" ni habari ya moyo wake, na moyo wake naibu hajauona. "Kuboresha mawasiliano" kunaweza kumaanisha aongee zaidi, aongee kidogo, au aache kumnunia mtu wa mapokezi. Na ile sentensi ya mwisho imewekwa kama sukari. Aliyeisoma anajua ni sukari, na tangu hapo hata sifa ya kweli hataiamini.

Tukafungua madaftari ya Februari. Tulitafuta siku ambazo wageni wa vyumba sita au zaidi waliondoka, kwa sababu hizo ndizo siku ngumu kwa watu wa vyumba. Zilikuwa siku tisa. Katika siku saba kati ya hizo, vyumba viwili au zaidi havikuwa tayari saa nane. Siku nyingine za mwezi, mambo yalikwenda sawa karibu wakati wote. Hapo tu picha imebadilika: si mtu asiye na kasi, ni mtu anayezidiwa siku za msukumo.

Kisha tukaziweka zile siku saba pamoja na daftari la dobi. Siku nne, shuka na taulo zilirudi baada ya saa saba mchana. Hakuna msimamizi duniani awezaye kutandika kitanda kwa shuka zilizo bado kwenye kamba. Kumwandikia kosa siku hizo nne kungekuwa kumdhulumu, naye angejua, na fomu nzima ingepoteza uzito. Zilibaki siku tatu ambazo shuka zilikuwa rafuni tangu asubuhi. Siku hizo wahudumu walipangwa kwa kufuata ukumbi, chumba cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa hiyo vyumba vya wageni wanaoendelea kukaa vilisafishwa mapema, na vile vinavyosubiri mgeni mpya saa nane vikaachwa nyuma. Hiyo ni kazi yake kuipanga.

Lakini kitu kilichonivutia zaidi kilikuwa kingine. Katika siku zote saba, za dobi na zisizo za dobi, hakuna hata siku moja aliyowaarifu mapokezi mapema kwamba chumba fulani kitachelewa. Wao ndio waliompigia simu, mgeni akiwa tayari amesimama mbele yao. Mgeni anayeambiwa saa sita kwamba chumba kitakuwa tayari saa tisa anaweza kwenda kula au kuogelea. Anayeambiwa saa nane na nusu anakasirika. Dobi akichelewa si kosa la dada, lakini kunyamaza ni lake.

Upande wa sifa, daftari nalo lilikuwa na la kusema. Msimu mzima, vyumba alivyokabidhi havikurudishwa kwa uchafu, na sababu tuliijua sote: anakagua kila chumba mwenyewe, mpaka nyuma ya mlango wa choo. Sasa angalia: ukaguzi huo huo ndio sehemu ya ucheleweshaji. Alikuwa na desturi ya kusubiri ukumbi mzima uishe, kisha akague vyote kwa pamoja, ndipo avitoe. Chumba kilichomalizika saa tano kilikaa kimefungwa hadi saa nane kikisubiri wenzake. Mizani ya maoni, kwa ninavyoona mimi, inatoka kwenye uchunguzi wa namna hii. Sifa inapogusana na kasoro, huhitaji kuzipanga kama nyama kati ya mikate miwili.

Maoni yaliyoandikwa mwisho yalikuwa hivi:

"Kati ya siku 9 za Februari zilizokuwa na vyumba sita au zaidi vya kutoka, siku 7 vyumba viwili au zaidi havikuwa tayari saa nane mchana. Siku 4 kati ya hizo dobi alichelewa, na hilo halihesabiwi kwake. Siku 3 shuka zilikuwepo, lakini vyumba vya wageni wapya havikutangulizwa. Katika siku zote 7 mapokezi hawakuarifiwa mapema. Ukaguzi wake wa vyumba ni wa kuaminika: msimu huu hakuna chumba alichokabidhi kilichorudishwa kwa uchafu. Kuanzia Julai: vyumba vyenye mgeni mpya vitangulizwe; kila chumba kikaguliwe na kutolewa kinapomalizika, bila kusubiri ukumbi mzima; na kabla ya saa sita mchana mapokezi waarifiwe vyumba vitakavyochelewa na saa vitakapokuwa tayari. Hoteli itaongeza seti ya tatu ya shuka kwa kila kitanda. Daftari litapitiwa pamoja naye Ijumaa ya mwisho ya Julai na ya Agosti."

Seti ya tatu ya shuka si ukarimu. Kwa kawaida ya kazi hii, seti moja iko kitandani, moja iko kwa dobi, moja iko rafuni. Sisi tulikuwa na mbili, na kila dobi alipokwama, vyumba vilikwama naye. Meneja akiona aibu kuandika sehemu yake kwenye fomu, anayetathminiwa atasoma fomu ile kama hati ya mashtaka, na hatakosea.

Na kwa nini Julai, si mara moja? Kwa sababu Mei na Juni hakuna siku yenye vyumba sita vya kutoka. Ungempima kwa miezi hiyo angefaulu bila kubadilisha chochote, kisha Agosti, Waitaliano wakija likizo, mngeanza upya. Miezi ya kimya tuliitumia kuzoesha utaratibu mpya kwa vyumba vichache vilivyokuwepo.

Alama zilileta ubishi kuliko maneno. Fomu ilikuwa ya 1 hadi 5. Naibu alitaka kumpa 3 kila mahali, na namwelewa. Mji wetu mdogo, mtakutana harusini, mtakutana msikitini au sokoni, mama yake anamjua mama yako, muhali unakukaba. Lakini 3 pale ambapo maneno yanasema siku saba kati ya tisa haisomeki. Tuliandika 2 kwa kuwahi na 4 kwa ubora wa vyumba, tukakataa kuzichanganya zitoe 3. Wastani ungemficha msimamizi mzuri wa ubora na pia ungelificha tatizo la muda, vyote kwa pamoja.

Kuna maneno niliyomkataza naibu kabisa. "Siku zote" na "kamwe", kwa sababu atakumbuka siku moja tu tofauti na mjadala utahamia huko. Kumlinganisha na msimamizi wa zamani. Na kukisia sababu za nyumbani, kama "tangu apate mtoto" au "alilegea mfungo wa Ramadhani". Kama zamu zilibadilishwa mwezi wa mfungo, hilo ni jambo la ratiba na liandikwe kama la ratiba, mengine hayakuhusu.

Kabla ya kupiga muhuri, dada alipewa maoni ayasome akiwa peke yake, siku moja kabla ya kikao. Aliporudi alikubali hesabu, ila akaongeza jambo ambalo daftari halikuwa nalo: orodha ya wageni wanaofika ilikuwa ikimfikia saa nne asubuhi, wahudumu wameshagawiwa vyumba. Naibu alijibu haraka, "Lakini dada, si ungesema?" Naye akamjibu, "Nilisema, mwanangu. Nilimwambia wa zamu ya usiku." Tukaongeza sentensi moja: mapokezi watatoa orodha jioni ya kuamkia siku ile. Maoni hayakupungukiwa nguvu kwa nyongeza hiyo. Sasa hakuwa na mlango wa kutokea, na sisi pia hatukuwa nao.

Jambo la sheria nitaligusa kidogo, kwa sababu watu hulichanganya. Maoni ya tathmini si barua ya onyo, wala si hatua ya kumwachisha mtu kazi. Usiingize vitisho vya kufukuzwa ndani yake. Ikifika huko, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na asikilizwe. Utendaji duni umetajwa humo waziwazi. Nami huona hakuna haja ya kungojea siku hiyo ndipo lugha izingatiwe. Kama dada anasoma Kiswahili vizuri na Kiingereza kwa kubahatisha, sehemu ya maoni iandikwe Kiswahili hata kama fomu yenyewe imechapishwa kwa Kiingereza.

Mwisho kuna sahihi. Andika juu ya mstari wake maneno haya: "Nimesoma na nimeelezwa," usiandike "Nakubali." Acha nafasi ya jibu lake, ya kutosha mistari mitano au sita, na asiharakishwe. Akikataa kutia sahihi, usigombane naye. Andika tarehe, andika kwamba alipewa asome akakataa, mtu mwingine aliyekuwepo atie sahihi yake, kisha mpe nakala aende nayo nyumbani.