Kuigeuza Picha ya Jengo Kutoka Ukavu wa Vumbi Hadi Hali ya Baada ya Mvua Bila Kuligusa Jengo Lenyewe

Wasanifu majengo na wamiliki wa nyumba za zamani hapa Dar es Salaam huniletea mara kwa mara picha zilizopigwa wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na vumbi limetanda, wakitaka jengo lilelile lionekane kama mvua imetoka kunyesha. Kosa ninaloliona zaidi katika kazi za namna hii ni kulowesha kila kitu kwa kiwango kimoja, kisha kugeuza picha juu chini na kuibandika barabarani ili ionekane kama dimbwi. Macho ya mtu aliyekulia katika mji wenye masika na vuli hayadanganyiki kwa hilo, hata kama hawezi kusema kasoro iko wapi.

Nitaeleza kwa kutumia kazi moja niliyoifanya kwa programu ya GIMP, ambayo ni ya bure. Jengo lilikuwa nyumba ya ghorofa moja yenye maduka chini, katika mtaa wa eneo la Kisutu. Kuta zake zina lipu ya chokaa, juu ya milango kuna kibaraza cha mabati kinachotokeza kuelekea barabarani, mbele kuna baraza ya saruji, na kati ya baraza na lami pana ukanda wa udongo mtupu. Msanifu aliyenipa kazi alikuwa na sharti moja: nyufa za lipu, idadi ya mawimbi ya mabati na mistari ya fremu za madirisha visibadilike hata kidogo, kwa sababu picha hiyo ingewekwa kando ya michoro ya vipimo. Kwa hiyo niliamua tangu mwanzo kwamba juu ya ukuta sitapaka rangi kwa brashi wala kunakili kipande cha picha na kukihamishia pengine. Ukutani ningebadilisha mwanga na rangi tu, kwa tabaka zenye maski, yaani vifuniko vinavyoamua badiliko lionekane wapi na kwa kiasi gani, na kitu kipya kingewekwa ardhini peke yake.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza ramani ya maji. Nakili picha, punguza ung'avu wake, kisha chora juu yake mahali mvua ilipofika na mahali isipofika. Katika jengo hili, sehemu ya ukuta iliyo chini ya kibaraza cha mabati ilipaswa kubaki kavu karibu yote, isipokuwa pembeni ambako upepo huingiza matone. Ukuta wa ghorofani ulilowa, lakini ulilowa zaidi chini ya vizingiti vya madirisha, ambako maji hujikusanya na kushuka kwa michirizi. Mbele ya baraza, chini kabisa, hutokea ukanda mweusi wenye ukingo usio sawa, kwa sababu matone yanayodondoka kutoka ukingo wa mabati hupiga udongo na kurusha tope juu. Ramani hii ndiyo inayoleta ukweli katika picha, kuliko hatua nyingine yoyote nitakayoitaja.

Baada ya ramani huja mwanga. Vumbi lililo hewani hufanya mambo mawili: hutia kila kitu rangi ya manjano-kahawia, na hupandisha sehemu za giza zisifikie weusi wake. Mvua ikilisafisha, weusi hurudi mahali pake na vitu vya mbali huonekana kwa ukali zaidi. Katika Curves, zana ya kurekebisha mwanga na rangi kwa mstari unaopindwa, nilivuta ncha ya chini kuelekea kulia mpaka giza la ndani ya maduka likawa giza kweli, kisha nikapunguza nyekundu kidogo na kuongeza buluu kidogo katika sehemu za kati. Miti ya mwarobaini iliyokuwa nyuma ya jengo ilihitaji tabaka lake, kwani majani yaliyooshwa huwa na kijani kizito chenye mng'ao, wakati yale ya kiangazi yalikuwa kama yamepakwa majivu.

Kivuli kikali cha jua ndicho kigumu zaidi. Kibaraza kilikuwa kimetupa ukanda wa giza wenye ukingo mkali juu ya ukuta, na ukingo wa namna hiyo hauendani na anga lenye mawingu. Wengi hukimbilia kuking'arisha kivuli, jambo linaloibua chembechembe chafu zilizokuwa zimejificha gizani. Afadhali kufanya kinyume chake, yaani kuishusha sehemu iliyopigwa na jua mpaka ikikaribie kivuli. Hapa bahati ilikuwa upande wangu, kwa sababu ukuta uliokuwa juani ndio uleule uliotakiwa kulowa na kuwa mweusi zaidi, na ule uliokuwa kivulini ndio uliotakiwa kubaki mkavu. Shusho moja lilifanya kazi mbili. Nilibakiza tofauti ndogo, na nikaulainisha ukingo wa maski ili kivuli kififie taratibu.

Sasa tuje kwenye kulowa kwenyewe. Lipu ya chokaa, saruji na udongo vina vitundu vidogo. Vikiwa vikavu, mwanga hutawanyika kwenye vitundu hivyo na mwingi hurudi kwenye jicho. Maji yakivijaza, mwanga hupenya ndani zaidi na humezwa kabla ya kurudi, ndiyo maana kitu huwa cheusi na rangi yake hukolea. Kioo, vigae vyenye gilasi na bati lililopakwa rangi havinywi maji, kwa hiyo haviwi vyeusi. Vinapata mng'ao tu. Ukilitia weusi bati la bluu sawasawa na lipu, umeharibu picha. Kwa lipu iliyolowa kabisa nilianzia na kipimo cha kupunguza mwanga unaorudi hadi nusu, ambacho katika Curves, kwa mizani ya 0 ya weusi hadi 255 ya weupe, ni kuishusha alama ya 180 hadi karibu 130. Kisha niliongeza ukolezi wa rangi kwa kiasi cha kuonekana tu. Udongo ulishuka zaidi ya hapo. Ndani ya maski nilitumia viwango vya kijivu badala ya nyeupe tupu, ili ukuta ulowe kwa mabaka, kama lipu ya zamani inavyolowa pale ilipowahi kuzibwa kwa saruji mpya.

Mwakisiko wa majini ndio hatua inayowashinda wengi, na sababu yake ni jiometri. Unachokiona ndani ya dimbwi ni jengo linavyoonekana kutoka chini ya usawa wa maji, kwa kina kilekile ambacho kamera ilikuwa juu ya maji hayo. Kamera yangu ilikuwa kwenye urefu wa mita 1.5 na baraza ina kimo cha sentimita 60, kwa hiyo picha inaonyesha sakafu ya baraza kwa juu. Ndani ya dimbwi sakafu hiyo haiwezi kuonekana kamwe. Ukigeuza picha nzima juu chini, sakafu inaingia majini, na hapo udanganyifu hufichuka.

Nililigawa jengo katika nakala mbili. Ya kwanza ni uso wa mbele wa baraza, ambao niliugeuza kwa mhimili wa pale unapogusana na ardhi. Ya pili ni ukuta. Ukuta unaanzia juu ya baraza, lakini mhimili wake hauko hapo. Uko pale ambapo ukuta ungegusa usawa wa barabara kama baraza isingekuwepo. Mlango wa duka ulikuwa na kimo cha mita 2.1, na katika picha ulichukua pikseli 420, yaani pikseli 200 kwa kila mita. Sentimita 60 za baraza kwa hiyo ni pikseli 120, na mhimili wa ukuta ukawa pikseli 120 chini ya mahali ukuta unapokutana na sakafu. Nakala ya ukuta niliigeuza kwa mhimili huo, nikaiweka nyuma ya nakala ya baraza, na baraza ikaifunika sehemu ya chini kama inavyotokea mtaani. Nguzo ya umeme iliyosimama kando ya lami nayo ilihitaji nakala yake, inayoanzia kwenye mguu wake yenyewe. Picha hii ilipigwa ikiuelekea ukuta moja kwa moja. Kwa jengo la pembeni mwa njia panda, kila uso una mstari wake wa chini unaokwenda mshazari, kwa hiyo kila uso hugeuzwa peke yake na kuinamishwa kwa zana ya Shear mpaka mistari miwili ya chini ikutane.

Nguvu ya mwakisiko hubadilika kwa umbali. Ukitazama maji moja kwa moja kutoka juu, yanaakisi asilimia 2 hivi tu ya mwanga, lakini kadiri unavyoyatazama kwa mshazari ndivyo yanavyokaribia kuwa kioo. Kwa kamera ya mita 1.5, dimbwi lililo mita 3 mbele huakisi chini ya sehemu 1 ya 10, na lililo mita 15 huakisi karibu nusu. Kwa hiyo maski ya mwakisiko iwe hafifu karibu na miguu ya mpiga picha na ikolee kuelekea jengo, na katika dimbwi la karibu tope la chini lionekane. Lami iliyolowa bila kutuama maji haionyeshi umbo kamili. Huonyesha mvuto wa wima wa mwanga na rangi. Huo nilipata kwa Linear Motion Blur yenye pembe ya 90, kisha nikauacha uonekane kwa uchache tu.

Ili kuhakikisha kwamba jengo halijasogea, niliweka picha ya asili juu ya tabaka zote na kuipa hali ya Difference, inayoonyesha tofauti tu kati yake na zilizo chini. Kwa kuwa mwanga umebadilika, picha haitakuwa nyeusi yote, na hilo si tatizo. Unachotafuta ni mistari miwiliwili kwenye kingo za madirisha, mabati na nyufa. Mabadiliko ya mwanga huleta mabaka mapana, lakini kitu kilichosogea hata pikseli 1 huacha uzi mwembamba unaofuata ukingo. Niliupata uzi huo chini ya kizingiti kimoja: maski ya mchirizi ilikuwa na ukingo mkali mno, na ikaonekana kama ufa mpya. Niliilainisha, uzi ukapotea.

Kuna picha ninazozikataa. Iliyopigwa saa sita mchana, jua likiwa utosini, huwa na vivuli vya kila wimbi la bati na kila chembe ya lipu, na hivyo haviondoki bila kuufuta mparuzo wa ukuta wenyewe. Iliyounguzwa na mwanga hadi lipu nyeupe ikafikia 255 nayo haifai, kwa sababu ukiishusha hupati lipu iliyolowa. Unapata kijivu kitupu kisicho na nyufa wala mabaka. Mteja mwenye picha kama hizo namwomba anitumie faili ghafi ya kamera, na kama hana, namshauri apige upya asubuhi, jua likiwa bado chini na ukuta ukiwa upande wa kivuli.