Kuunga ukuta mpya na wa zamani

"Naongeza chumba kwenye nyumba ya miaka kumi. Fundi anataka kutoboa ukuta wa zamani afungamanishe matofali. Ni sawa?"

Mzuie, ndugu. Msingi wa zamani umeshatulia, mpya bado utashuka kidogo, na matofali yaliyofungamana yatapasuka. Acha mwanya wa milimita 10 hivi, kuanzia msingi hadi juu, uujaze povu laini. Ili ukuta usiyumbe, funga kwa boliti reli ya wima ya chuma kisichoshika kutu kwenye ukuta wa zamani. Vishikizo vyake vilazwe ndani ya mota ya ukuta mpya, viweze kuteleza juu na chini. Plasta nayo ikatwe hapohapo. Mafundi wengi huipitisha juu ya mwanya, na ufa hutokea palepale. Nje ziba kwa silikoni inayonyumbuka, si saruji.