Kauli ya serikali kwa lugha ya mkulima

> "Taarifa inasema 'mchakato wa upatikanaji wa mbolea ya ruzuku unaendelea vizuri'. Nimwandikieje mkulima?"

Ndugu, anza na "upatikanaji". Ugeuze uwe kitendo: nani anampa nani, lini, wapi, kwa bei gani? Utaona taarifa haijibu hata moja, na wewe usiijazie. "Mchakato unaendelea" maana yake kazi haijakamilika; haisemi kama mbolea imefika. Hilo "vizuri" ni pambo tu, lifute. Ningeandika hivi:

"Serikali inasema inaandaa mbolea ya bei nafuu. Haijasema itafika lini, itauzwa wapi wala kwa bei gani."

Usiikate sentensi ya pili. Mkulima akiikosa, ataacha kununua mbolea dukani akisubiri ya ruzuku, na msimu wa kupanda utampita. Kabla ya kuchapisha, mpigie afisa kilimo umuulize hayo matatu.