Marekebisho ya waandishi wenza watatu: anza na nakala safi, yenye alama itafuata

Jarida likikurudishia makala na kukutaka ulete nakala mbili, moja safi na moja yenye alama, wengi huishughulikia ile yenye alama kwanza. Wanapokea mafaili ya wenzao, wanayaunganisha, wanakubali hili na kukataa lile, wakitumaini kwamba rangi zitakazobaki mwishoni ndizo anazozitaka mhariri. Mimi ndiye ninayewasiliana na majarida kwa niaba ya kundi letu la utafiti, na ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Rangi za njiani ni za kwetu wenyewe, za kujadiliana. Nakala yenye alama inayokwenda kwa mhariri hutengenezwa mwisho kabisa, na huzaliwa na nakala safi. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni ya kusoma na kuamua tu.

Nitaeleza kwa Microsoft Word, maana ndiyo wenzangu wote wanayoitumia.

Kabla ya kutuma makala kwa wenzako, hifadhi faili moja lisilo na marekebisho yoyote yanayosubiri, uliite kwa mfano `makala_msingi.docx`, kisha usiliguse tena. Wote watatu wapewe faili hilo hilo. Ukipata wazo jipya wakati wao wanasoma, liandike kwenye nakala yako, usiliingize kwenye msingi. Uunganishaji wote unategemea kwamba kuna andiko moja ambalo kila mmoja alianzia. Mmoja akianzia toleo la wiki iliyopita, Word itayachukua maneno uliyoyafuta zamani na kuyaonyesha kama nyongeza zake, nawe utabaki unajiuliza kwa nini mwenzako amerudisha aya mliyokubaliana kuiondoa.

Mafaili yakirudi, fungua Review, bofya Compare, kisha chagua Combine. Hapo pana amri mbili zinazofanana sura lakini kazi zao ni tofauti. Compare huyachukulia marekebisho yanayosubiri kana kwamba yamekwisha kukubaliwa, halafu huzibandika tofauti zote jina moja. Combine huhifadhi nani alifanya nini. Kwa hatua hii unataka Combine. Inaunganisha mafaili mawili kwa mara moja, kwa hiyo watatu wanahitaji mizunguko mitatu: msingi na faili la kwanza, matokeo hayo na la pili, kisha na la tatu. Kila mzunguko hifadhi matokeo kwa jina jipya, ili mmoja ukiharibika usirudi mwanzo.

Kwenye kisanduku cha Combine, bofya More na utazame mambo matatu. La kwanza ni Label unmarked changes with. Kila kundi lina mtu anayesahau kuwasha Track Changes, au aliyehariri kwa simu bila kujua kama imewashwa. Combine huyaona mabadiliko yake hata hivyo, na huyapa jina lililoandikwa hapo. Usikubali jina linalojitokeza lenyewe. Andika jina la mwenye faili. La pili ni Formatting: ondoa tiki. Word haiwezi kubeba mabadiliko ya mwonekano kutoka pande mbili kwa pamoja, na itakulazimisha uchague upande mmoja. Isitoshe, fonti na nafasi za mistari zitakujazia ukurasa alama zisizo na maana kwa hoja. La tatu ni Show changes in: chagua New document, ili mafaili ya wenzako yabaki kama walivyoyatuma.

Na mwenzako aliyetuma marekebisho kwa sauti ya WhatsApp? Yaandike mwenyewe ndani ya nakala ya msingi ukiwa umewasha Track Changes, lakini kwanza nenda File, Options, General, uweke jina lake kwenye User name na utie tiki kwenye kisanduku cha chini kinachosema Always use these values regardless of sign in to Office. Ukimaliza rudisha jina lako. Hivyo faili lake litaingia kwenye mzunguko kama la wengine, naye ataliona jina lake mtakapojadiliana.

Sasa una faili moja lenye rangi tatu, na hapa ndipo pa kutulia. Chukua sehemu hii ya mbinu za utafiti, ambayo kwenye msingi ilisomeka hivi: «Kaya zilichaguliwa kwa nasibu. Mahojiano yalifanyika jioni.» Msimamizi aliifuta sentensi ya kwanza yote, kwa kuwa aliona mahali pake ni aya ya juu inayohusu sampuli. Mtakwimu aliongeza, kabla ya nukta ya sentensi hiyo hiyo, maneno «kutoka kwenye orodha ya mtendaji wa kijiji». Mwenzetu aliyesimamia kazi ya uwandani hakubadili neno, ila aliweka maoni juu ya «kwa nasibu»: «Kitongoji cha pili hakikuwa na orodha. Tulihesabu nyumba.»

Ukibofya Accept All Changes hapo, kilichofutwa na msimamizi kinaondoka, lakini alichoongeza mtakwimu hakikufutwa na mtu, kwa hiyo kinabaki. Utasoma: «kutoka kwenye orodha ya mtendaji wa kijiji Mahojiano yalifanyika jioni.» Huo mkia unaoning'inia macho yataukamata. Hatari zaidi ni kile kisichoonekana: maoni ya mwenzetu yalikuwa yameshikizwa kwenye maneno yaliyofutwa, na maneno yakiondoka, maoni nayo yanaondoka kimyakimya. Kati ya marekebisho yote matatu, hilo ndilo pekee lililosema kwamba andiko halilingani na kilichofanyika. Mhakiki hawezi kulijua, na kompyuta haiwezi kulijua.

Kwa hiyo maoni kwanza, marekebisho baadaye. Kabla ya kukubali chochote, chukua orodha ya alama zote: nenda File, Print, na pale panaposema Print All Pages chagua List of Markup, kisha ihifadhi kama PDF. Utapata marekebisho na maoni yote yamepangwa pamoja na majina. Mimi huipitia orodha hiyo kwa kalamu, nikitenga maoni yanayohitaji jibu la mtu na yale ya tahajia. Yale ya kwanza hayamalizwi kwa kubofya. Kwa mfano wetu, unapiga simu kwa mtakwimu na kwa mwenzetu wa uwandani, kisha unaandika sentensi mpya juu, kwenye aya aliyoitaka msimamizi: «Katika kitongoji cha kwanza kaya zilichaguliwa kwa nasibu kutoka kwenye orodha ya mtendaji wa kijiji; katika cha pili, ambako hapakuwa na orodha, tulihesabu nyumba kuanzia ofisi ya kitongoji na kuchukua kila nyumba ya tano.» Wote watatu wamesikilizwa, na hakuna hata mmoja ambaye maneno yake yamekubaliwa yalivyokuwa. Pale watu wawili au zaidi wanapogusa sentensi moja, ndivyo inavyokuwa mara nyingi: huchagui mshindi, unaandika upya.

Sehemu ambazo mtu mmoja tu amegusa ni nyepesi. Kwenye Show Markup, chini ya Specific People, bakiza jina la mtu mmoja, usome mabadiliko yake mfululizo, na ukiridhika utumie Accept All Changes Shown, ambayo hukubali yale tu yanayoonekana kwa wakati huo. Anza na anayerekebisha lugha. Akishatoka, faili linapumua na migongano ya hoja inajitokeza.

Unapofika mahali ambapo hakuna rekebisho linalosubiri uamuzi, hifadhi kwa jina jipya, `makala_safi.docx`. Hapa watu hudanganywa na No Markup. Chaguo hilo huficha tu. Mhariri akilifungua faili kwenye kompyuta yake na kuchagua All Markup, ataona kila kitu, pamoja na pale mlipobishana kuhusu mhakiki wa pili. Tumia Accept All Changes and Stop Tracking, kisha kwenye Review, chini ya Delete, chagua Delete All Comments in Document. Halafu nenda File, Info, Check for Issues, Inspect Document. Ikiwa kuna maoni au rekebisho limebaki, hata ndani ya tanbihi, itakuambia. Kisha isome nakala hiyo yote toka mwanzo kama mtu asiyejua historia yake, ukitafuta nafasi mbili kati ya maneno, neno lililorudiwa, na upatanisho wa ngeli uliovunjika pale mmoja alipobadili nomino na mwingine kitenzi.

Ndipo sasa nakala yenye alama. Rudi Review, Compare, na safari hii chagua Compare yenyewe. Kwenye Original weka lile toleo mlilolipeleka jaridani mara ya kwanza. Ikiwa ndilo mlilowapa wenzako, basi ndilo msingi wako. Kwenye Revised weka nakala safi. Kwenye Label changes with andika «Waandishi», kwa sababu mhariri hana haja ya kujua nani kati yenu alibadili koma. Ondoa tiki ya Formatting tena, na uache Word level. Kwa Kiswahili hilo lina uzito: ukichagua Character level, «zilichaguliwa» ikigeuka «ilichaguliwa» itaonekana herufi moja iliyokatwa ndani ya neno, na ukurasa wa viambishi vilivyokatwakatwa hausomeki. Kwa Word level neno zima hukatwa na jipya huwekwa kando yake.

Hakikisha nakala hizi mbili ni ndugu kweli. Tengeneza nakala ya muda ya ile yenye alama, kubali mabadiliko yote, kisha ilinganishe na nakala safi kwa Compare. Reviewing Pane inapaswa kuonyesha marekebisho 0. Ikionyesha hata moja, maana yake kuna mtu aligusa moja ya nakala hizi baada ya ile yenye alama kutengenezwa, na kwa kawaida ni koma iliyosahihishwa kwenye nakala yenye alama dakika ya mwisho. Usiifukuzie huko. Rekebisha kwenye nakala safi na uitoe upya ile yenye alama. Ni kazi ya dakika chache.

Ukiitoa kwa PDF, kwanza nenda Show Markup, Balloons, uchague Show All Revisions Inline, la sivyo Word itaubana ukurasa ili ipate nafasi ya vipuli pembeni na maandishi yatakuwa madogo mno. Na namba za mistari mnazozitaja kwenye barua ya majibu kwa wahakiki zichukueni kwenye nakala moja tu, mkiitaja kwa jina mwanzoni mwa barua. Maneno yaliyokatwa bado yanachukua nafasi kwenye nakala yenye alama, kwa hiyo mstari wa 112 wa huku unaweza kuwa wa 97 kule. Mimi hutumia za nakala safi, na huzijaza baada ya nakala zote mbili kufungwa.