Bibi kaanguka, mkojo una bakteria

> "Bibi ana miaka 84. Tangu juzi anachanganyikiwa, jana kaanguka. Hana homa, halalamiki mkojo, ila kipimo kimeonyesha bakteria na kaandikiwa antibiotiki ya sipro. Aanze?"

Pole kwa kuuguza. Mrudisheni leo hii kwa daktari kabla ya kuanza dawa. Bibi wengi wa umri huo wana bakteria kwenye mkojo muda wote bila kuumwa, kwa hiyo kile kijiti cha kupimia mkojo kubadilika rangi hakithibitishi kitu. UTI hutibiwa kukiwa na dalili zake: kuungua anapokojoa, haja ndogo za ghafla zilizoanza sasa, maumivu ya kiuno, homa au kutetemeka.

Kuchanganyikiwa ghafla kuna chanzo, na sipro inaweza kukificha. Ombeni apimwe sukari, malaria, chumvi za damu, na presha akiwa amelala kisha amesimama. Je, aligonga kichwa? Hajapata choo siku ngapi? Kuna dawa mpya, hasa ya usingizi au mafua?

Kama anatumia glibenklamaidi ya kisukari, semeni mapema, maana ikichanganywa na sipro sukari inaweza kushuka vibaya. Tena sipro yenyewe huwachanganya wazee.

Ila akipata homa, kutetemeka, presha kushuka au usingizi mzito, msisubiri, hospitali usiku huohuo.